Siku Mtani Alipotoa Shikamoo

Nilifika kijiji kile, mbele kidogo ya Kitomanga, juu ya lori la korosho. Ilikuwa miaka ambayo serikali ilikuwa imeachia biashara, na wanunuzi binafsi walikuja kutoka kila upande na mizani zao, wakigombania magunia ambayo zamani yalikuwa na mnunuzi mmoja tu. Mimi nilikuwa utingo. Lori lilisimama ili dereva anywe chai, nikashuka kumtazama mtu aliyekuwa akinyoosha rimu ya baiskeli chini ya kibanda cha makuti. Alikuwa anaizungusha, anasikiliza, anakaza spoku moja, anazungusha tena. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anayenyoosha chuma kwa sikio. Nilipogeuka lori lilikuwa limeondoka. Sikulikimbilia. Nikakaa kijijini pale miezi kumi.

Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Miteja, si kwa ujinga wala kwa ada, bali kwa sababu mwalimu wetu alikuwa akijibu swali moja tu kwa siku. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimechimba chumvi, nimeuza mitumba, nimelinda mashine ya kusaga. Popote nilipokwenda nilikuwa nauliza maswali mpaka watu wanachoka, kisha nahama.

Fundi yule wa baiskeli alinipangisha chumba cha nyuma. Alikuwa Mmwera wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa mlevi. Nasema hivyo bila kumtukana, maana yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo kila asubuhi anapofungua banda. Alikunywa nipa, yaani maji ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyochachushwa kisha yakapikwa na kutoneshwa kwenye bomba mpaka yakawa kitu cha kuwasha koroboi. Alihitaji bilauri moja ili mikono itulie na ya pili ili aone spoku. Baada ya hapo alikuwa fundi bora kuliko wote kati ya Lindi na Nangurukuru, mpaka kama saa nane mchana. Baada ya saa nane hukumpelekea baiskeli unayoipenda.

Mimi nilipata kazi ya kupaka chokaa kituo cha afya. Wiki ile ya chokaa ndiyo ilikuwa wiki ya mafunzo.

Wauguzi kumi na wawili walikusanyika, wa kituo na wa zahanati za jirani, wakakaa katika chumba cha kliniki ya watoto, kwenye viti vidogo. Mwezeshaji alikuwa daktari aliyetoka Dar es Salaam, mtu wa kaskazini, mpole, mwenye miwani ya kamba. Kila muuguzi alipewa mwongozo uliochapwa kwa mashine ya kurudufu, wino wake ukitia vidole weusi. Juu yake pameandikwa kwamba ni wa mazungumzo ya kuamsha nia, kwa wauguzi wanaohudumia wagonjwa wenye tatizo la pombe. Nilikuwa napaka ukuta wa nje, dirisha liko wazi. Nikapaka ukuta ule mara tatu.

Daktari alianza kwa kuwauliza wanafanya nini mlevi anapokuja na kidonda.

"Tunamwambia aache pombe," akajibu mmoja.

"Anaacha?"

"Haachi."

"Kisha?"

"Tunamwambia tena, kwa sauti."

Daktari hakucheka. Akasema kila mtu aliyesomea uuguzi ana kiu ya kunyoosha watu, na kiu hiyo inatokana na wema, lakini ukimwambia mtu kwa nini aache, yeye atakutafutia kwa nini aendelee. Mtu mwenye shida ya pombe anakuwa na nafsi mbili ndani yake, moja inataka kuacha, nyingine inataka bilauri. Ukiwa wakili wa nafsi ya kwanza, yeye inabidi awe wakili wa ile ya pili. Na binadamu anaamini zaidi maneno aliyoyasikia yakitoka katika kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya muuguzi ni kumfanya mgonjwa ndiye aseme sababu za kubadilika. Nikashusha brashi. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia jambo la maana kiasi kile kabla ya chai ya saa nne.

Njia zenyewe zilikuwa nne. Kuuliza maswali yaliyo wazi, yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Kutambua jema ambalo mtu amelifanya, hata dogo. Kumrudishia mtu maana ya alichosema, ili ajue umesikia na apate kuendelea. Na mwisho kukusanya yote kwa muhtasari. Ukitaka kumpa ushauri, unaomba ruhusa kwanza, unampa, kisha unamuuliza anauonaje.

Kuyasema ni rahisi. Walipoanza kufanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe, mambo yakawa magumu. Kurudisha kauli kuliwashinda.

"Nakunywa kwa sababu ya mawazo," akasema muuguzi aliyeigiza mgonjwa.

"Unakunywa kwa sababu ya mawazo."

"Ndiyo nimesema hivyo."

"Umesema hivyo."

"Dada, unaniigiza?"

Daktari akaeleza kwamba usirudishe maneno kama kasuku, unarudisha kilicho nyuma ya maneno. Kwa mfano, mawazo yamekuwa mengi kiasi kwamba pombe ndiyo nafasi pekee ya kupumzika. Wakasema aah.

Kisha kukaja mstari wa sifuri mpaka kumi. Unamuuliza mgonjwa, kubadilika kuna umuhimu gani kwako, sifuri hakuna kabisa, kumi ni mkubwa mno. Akitaja namba, unamuuliza kwa nini si ndogo zaidi ya hiyo, maana kwa kujibu atataja sababu zake mwenyewe.

"Nne," akasema aliyeigiza.

"Kwa nini nne na si mbili?"

Yule akafikiri. "Haya basi, tatu. Tusigombane."

Watu wetu namba wanazijua sokoni. Daktari akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu.

Siku ya pili akasema wanahitaji mgonjwa wa mazoezi asiye muuguzi, kwa sababu wauguzi wakiigiza ulevi wanaigiza kama wahubiri. Walevi halisi walikwishaalikwa. Mmoja hakuja, mwingine alikuja amelewa akalala kwenye mzani wa watoto. Nikaingia na ndoo yangu, nikasema mimi naweza. Malipo yalikuwa chakula cha mchana na soda, nikaona ni haki.

Muuguzi aliyepangiwa kufanya mazoezi na mimi alikuwa Mngoni kutoka Songea, mama wa makamo, mnene, ndiye mkuu wa wauguzi pale kituoni. Kijiji kizima kilimwita Sista, hata wazee. Sasa, asiyetoka kwetu huenda asijue kwamba Wangoni ni watani wa karibu kila kabila la upande huu. Zamani mababu zao walikuja kutupiga vita, na baada ya damu kukauka kukabaki utani. Mngoni na Mmwera, au Mngoni na Mmatumbi kama mimi, wakikutana hawasalimiani, wanatukanana, na matusi hayo ndiyo heshima. Ukifa, mtani wako ndiye anayekuja msibani kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Mtani hakubembelezi. Nani ambembeleze mateka wake?

Basi nilipokaa kwenye kiti kidogo mbele yake, Sista aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mateka wa babu yangu, nani kakufungua kamba?"

Darasa likacheka. Mimi pia nilitaka kucheka. Lakini daktari akainua mkono, akasimamisha zoezi, akanigeukia kwa upole wake ule.

"Hebu tuambie wewe kama mgonjwa. Alivyokwambia hivyo, ulijisikiaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile maishani. Darasa zima lilikuwa linanitazama, wauguzi kumi na wawili wenye kalamu. Ukweli ni kwamba nilijisikia nyumbani. Lakini jibu lile nililiona dogo. Kulikuwa na neno nililolisikia redioni katika kipindi cha ushauri, nikalitafutia nafasi siku nyingi.

"Nilijisikia nimedhalilishwa," nikasema.

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeokota alichokuwa akikitafuta. Akasema mgonjwa wa pombe anakuja tayari na aibu, na kila kejeli inamsukuma nje ya mlango. Na alichosema kilikuwa kweli kabisa. Akaandika kwenye karatasi kubwa ukutani kwamba mgonjwa apokewe kwa heshima, asitaniwe. Sista akainama, akaandika katika mwongozo wake pembeni. Nikaona kalamu yake inakandamiza. Tukarudia zoezi, akaniamkia vizuri, akaniuliza maswali yaliyo wazi, nikajibu kwa ufasaha, na mchana nikala wali kwa samaki.

Mafunzo yakaisha, daktari akaondoka, akasema atarudi baada ya mwezi kuona wanavyoendelea.

Jumatatu iliyofuata mwenye nyumba wangu, yule fundi, alikatwa na bati kiganjani. Mkewe akamlazimisha kwenda kituoni, mimi nikamsindikiza kwa sababu nilitaka kuona mwongozo ukifanya kazi. Sikuruhusiwa kuingia chumbani, lakini, kama nilivyokwishasema, madirisha ya kituo kile yalikuwa wazi.

Inafaa nieleze walivyokuwa wale wawili. Kwa miaka saba, kila alipopita mbele ya banda, Sista alimwita Mmwera aliyesahauliwa na msafara. Naye alimjibu kwamba babu yake Sista alitupa ngao pale pale akikimbia, na yeye ndiyo anaitumia kufunikia mtungi. Baiskeli ya Sista aliitengeneza kwa matusi. Sindano za malaria alichomwa kwa matusi. Hawakuwahi kusema neno jingine.

Siku ile fundi aliingia na kitambaa chenye damu, akaanza yeye.

"Wewe mwizi wa ng'ombe, leo nimekuletea damu, usije ukainywa."

Sista akasimama. Akakunja magoti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa kwao mbele ya wakubwa, akasema, "Shikamoo, baba."

Fundi hakuitika. Nilimwona kwa upande. Mdomo ulikuwa wazi. Baada ya muda ambao ungetosha mtu kuvuka barabara, akasema, "Marahaba," kwa sauti ndogo ya mtu anayepokea barua ya serikali.

Sista akamsafisha kidonda, akamshona nyuzi tatu bila kusema chochote cha kukera. Kisha akakaa, akasogeza kiti. "Unaniruhusu, baba, tuzungumze kidogo kuhusu pombe?"

"Ruhusa," akasema fundi.

"Hebu nieleze, pombe ina nafasi gani katika maisha yako?"

"Nakunywa, Sista. Unajua nakunywa."

"Imekuwa sehemu ya siku yako yote."

Fundi akatazama kiganja chake. "Mikono inatetemeka nisipokunywa."

"Na kazi yako inahitaji mikono."

"Sista, nina nini?"

"Unapenda kujua zaidi kuhusu afya yako."

Kwa mwongozo, yale yalikuwa majibu mazuri. Daktari angefurahi. Mimi nilikuwa nje nikitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyelipanda shamba lile. Sista akainama mbele, akasema kwa sauti ya upole kupita zote, "Sitakulazimisha kitu, baba. Uamuzi ni wako mwenyewe."

Fundi akainuka. Sista akamwambia angoje, kuna mambo muhimu bado hajamuuliza, na alikuwa anafunua ukurasa wa mbele zaidi. Fundi akasema asante sana, mama, Mungu akulipe, akatoka. Asante sana, mama. Kwa mtani wake. Nilimfuata njiani, na mbele ya nyumba ya muuza nipa alipita bila kugeuza shingo. Nikajiambia mwongozo ule ni kiboko.

Jioni alimwita mkewe na wapwa zake wawili, maana kwao mali inafuata upande wa mama, akagawa mikorosho. Mti kwa mti, kwa kutaja ilipo. Mimi nilikaa kizingitini. Nikamuuliza mkewe kuna nini. Akaniambia mumewe ameambiwa kituoni kwamba anakufa.

"Nani kamwambia?"

"Mtani wake kamwamkia," akasema.

Fundi mwenyewe akaeleza kutoka ndani, kwa utulivu. "Mngoni amenipigia goti. Ameniita baba. Nimemuuliza nina nini, hakutaka kusema, akanirudishia swali. Halafu kaniambia uamuzi ni wangu. Hospitali ikikuambia uamuzi ni wako, ujue dawa zimekwisha. Mmatumbi, mimi si mtoto."

Nikamwambia ni mafunzo, wamefundishwa hivyo. Akasema naam, wamefundishwa namna ya kuwaambia watu. Akasema hatakunywa tena, hawezi kwenda mbele ya Mungu ananuka mabibo. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimwona mtu mwenye umri wa kutosha kunizaa akigawa mirathi, nikafurahi kwamba ameacha pombe.

Asubuhi yake hakufungua banda. Alikuwa amelala juu ya mkeka, shati limelowa jasho, mikono ikicheza kama ya mtu anayechekecha unga. Alitapika uji. Alisema moyo unakimbia. Nikamwambia mkewe ni mwili unajisafisha. Sijui nililitoa wapi neno lile. Nadhani redioni vilevile.

Mkewe akanitazama. "Mara ya mwisho kukosa pombe ilikuwa mahabusu, walipomkamata kwa kodi," akasema. "Siku ya pili alianguka degedege. Aliuma ulimi mpaka ukagawanyika."

Ndipo nilipokumbuka ukurasa ambao daktari aliusoma mara mbili, mimi nikiwa ngazini. Anayekunywa sana kila siku, anayetetemeka asubuhi, asikatize ghafla akiwa nyumbani peke yake. Kabla ya kuzungumza habari ya kuacha, mwulize kama anatetemeka, mwulize kama amewahi kupata degedege. Akikatiza bila dawa anaweza kupata tena, na anaweza kufa. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu ndizo za hatari. Nikachukua baiskeli ya mteja bila kumuuliza mtu, nikapiga pedali mpaka kituoni, na baiskeli ile haikuwa na breki, ndiyo maana ilikuwa kwa fundi.

Sista alikuwa anapima wajawazito. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: shikamoo, mikorosho, mkeka, mahabusu, degedege. Aliposikia neno shikamoo alifumba macho.

"Ukurasa wa kumi na saba," akasema. "Alitoka kabla sijafika ukurasa wa kumi na saba."

"Sista," nikasema, "sikudhalilika. Siku ile ya mazoezi. Nilipenda."

"Nini?"

"Uliponiita mateka. Nilipenda. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na neno."

Aliniangalia. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Akaniambia nishike mfuko wa dawa.

Tabibu wa kituo aliandika karatasi ya dawa, tukaenda na gari la chanjo. Tulipofika akainama mlangoni, akaingia, akasimama juu ya mkeka mikono kiunoni. Fundi alifumbua macho, yalikuwa mekundu na yenye hofu. Akajaribu kuinuka kwa adabu.

"Lala, jambazi wewe," akasema Sista. "Nani kakwambia ufe? Umeomba ruhusa kwa nani? Mateka hafi mpaka bwana wake aseme."

Fundi akamtazama.

"Nimesikia umegawa mikorosho," akaendelea. "Na mimi fungu langu liko wapi? Miaka saba nakuchoma makalio yasiyo na nyama, unanirithisha nini? Mtungi?"

Uso wa fundi ukaanza kukunjamana. Nilidhani ndiyo degedege. Kilikuwa kilio, kisha kikawa cheko, kisha vikawa vyote viwili, na meno yake yakigongana kwa kutetemeka. "Mwizi wa ng'ombe," akasema. "Mwizi. Mbona uliniamkia? Mbona uliniamkia, mshenzi wewe?"

"Nilikosea," akasema Sista. Hilo alilisema kwa sauti ya kawaida. Kisha akapiga magoti, safari hii kwa ajili ya kumshika mkono na kuhesabu mapigo, akamuuliza maswali ya ukurasa wa kumi na saba, moja baada ya jingine. Lini ulikunywa mara ya mwisho. Unakunywa kiasi gani kwa siku. Unaona au kusikia vitu ambavyo sisi hatuvioni? Fundi akasema anaona Mngoni nyumbani kwake, kama hicho kinahesabika.

Walimlaza kituoni siku sita. Akapewa vidonge vya kutuliza mishipa ili asipate degedege, vingi siku ya kwanza, vikipunguzwa kila siku, na sindano za vitamini, na maji, na uji. Usiku wa pili alizungumza na mtu asiyekuwepo kuhusu bei ya tairi. Degedege haikuja. Sikuondoka kwenye benchi la nje, ingawa hakuna aliyeniomba kukaa.

Siku ya tano, alipokuwa anashika kikombe bila kumwaga, Sista alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mwongozo hakuubeba.

"Mmwera, leo nataka kuzungumza na wewe kuhusu pombe. Ukikataa nakuchoma sindano."

"Sema, mla cha watu."

"Sisemi. Sema wewe. Ukiangalia mbele, ungependa iweje?"

Fundi alikaa kimya kirefu. Nilifikiri Sista ataujaza ukimya ule, hakuujaza.

"Nilikuwa nanyoosha rimu kwa sikio," akasema fundi. "Watu wanadhani ni ufundi. Ni kwamba macho hayaoni tena. Asubuhi naona spoku mbili mbili. Nikaanza kusikiliza."

"Umepoteza macho, ukatafuta njia nyingine usiache kazi."

"Eeh." Akafikiri. "Lakini sikio nalo linachoka. Mwaka jana mtoto wa shule alianguka na baiskeli niliyomtengenezea jioni. Mkono ulivunjika. Mama yake hakunisema. Ananisalimia mpaka leo, ndiyo inaniuma."

"Hutaki mtu mwingine aanguke."

"Nataka nitengeneze jioni," akasema fundi. "Saa kumi, saa kumi na moja. Watu wanarudi shamba na matairi mabovu, mimi nimelala. Nataka niwepo jioni."

Sista hakumwambia vizuri sana. Hakumwambia pombe ni mbaya. Alimrudishia yote aliyosema, kwa mpangilio, macho, mtoto, jioni, akamuuliza kama kuna alichosahau. Fundi akasema amesahau kutaja kwamba Wangoni ni wezi. Sista akasema hilo ataliandika. Kisha akamuuliza, basi tufanye nini? Fundi ndiye aliyesema atapita njia ya nyuma asubuhi, isiyopita kwa muuza nipa, na kwamba mkewe ashike ufunguo wa banda mpaka anywe chai. Sista akamuuliza kama anaweza kumwongezea jambo moja, akamruhusu, akamwambia akianza tena asione aibu kurudi, na asikatize tena peke yake kama shujaa.

Mwezi ulipoisha daktari wa miwani ya kamba alirudi. Sista alimweleza mbele ya wauguzi wote, hakunitaja. Nikajitaja mwenyewe, kutoka dirishani. Daktari akaniuliza maswali mengi, yote yaliyo wazi, na aliandika majibu. Akamwuliza Sista angependa mwongozo useme nini. Sista akasema kejeli isiruhusiwe, hilo ni kweli, lakini mtu aulizwe kwanza heshima kwao inaonekanaje, na maswali ya kutetemeka yaje mapema, kabla ya mazungumzo marefu. Daktari akasema la pili lilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, ni kosa lake. Sikuwahi kusikia daktari akisema maneno yale, nikayaandika kwenye kiganja.

Mwenye nyumba wangu hakuwa malaika. Wiki ya tatu alikunywa siku mbili, akarudi kituoni mwenyewe akitetemeka kidogo, akatukanwa, akatibiwa. Kisha akapangiwa kuja kila Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya kliniki ya watoto. Nilikuwa nafunga vyombo vyangu kuondoka, maana nilikwishasikia kwamba huko Lindi kuna mtu anatengeneza redio kwa mabaki ya redio nyingine, nikapita kituoni kuaga. Foleni ya akina mama ilikuwa imetoka mpaka barabarani, kila mmoja na mtoto wake, na katikati yao alikaa fundi, mwanaume pekee, kofia mapajani. Wakamwambia baba, wewe pita mbele. Akakataa, akasema alifika wa kumi na nne na atatibiwa wa kumi na nne.

Mama aliyekaa karibu naye, mgeni wa kijiji, akamgeukia. "Na wewe baba, unaumwa nini?"

"Pombe," akasema fundi, kama mtu anayesema malaria.

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akahamisha mtoto wake bega jingine, akasogea kumpa nafasi kwenye kivuli.